Salio likikaa chini ya kiwango kwa miezi: kinachotokea kwenye akaunti yako hadi msimu ujao

Kila mnada wa ufuta unapofunguliwa huku mikoa ya kusini, simu za kipindini huwa nyingi, na swali moja halikosekani: "Malipo yameingia benki, lakini hayajatimia. Nani kanikata?" Wengine huanza kumshuku karani wa chama cha msingi. Wengine humshuku wakala, au kijana wa nyumbani anayeijua namba ya siri. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Waliokatwa ni wale ambao akaunti zao zilikaa mwaka mzima zikiwa na salio dogo kuliko lile benki inalolitaka.

Msikilizaji, makala hii inaeleza jambo hilo hatua kwa hatua. Tutachukua mfano wa mkulima wa ufuta mkoani Lindi anayelipwa mara moja kwa mwaka kupitia benki, kwa sababu akaunti ya namna hiyo ndiyo inayoumia zaidi. Mwenye mshahara huingiziwa fedha kila mwezi, kwa hiyo salio lake hushuka na kupanda. Mkulima akishatoa fedha zake za msimu, akaunti hukaa peke yake miezi kumi au kumi na moja. Muda wote huo mkulima anaisahau akaunti, lakini mashine ya benki haiisahau.

Kiwango cha chini ni nini, na ni fedha za nani?

Kiwango cha chini cha salio ni kiasi ambacho benki inataka kibaki kwenye akaunti wakati wote. Kinaweza kuwa shilingi 5,000, 10,000, 20,000 au zaidi, kulingana na benki na aina ya akaunti. Kisichanganywe na kianzio, yaani kiasi ulichoweka siku ya kufungua akaunti. Akaunti inaweza kufunguliwa kwa kianzio kidogo, lakini baadaye ikadai salio kubwa zaidi libaki ndani.

Fedha hizo ni zako. Benki haijazichukua, imezizuia tu. Ukifunga akaunti kwa utaratibu, kilichobaki unapewa, baada ya kuondolewa gharama za kufunga kama benki yako inazo.

Sababu ya benki kuweka kiwango hiki ni ya kibiashara. Benki hupata faida kwa kukopesha fedha zilizowekwa na wateja. Akaunti yenye shilingi 2,000 haina cha kukopesha, lakini bado inagharimu: kuna mashine, ujumbe wa simu, watumishi na kumbukumbu za kutunza. Kwa hiyo benki hufanya moja kati ya mambo mawili, au yote mawili kwa pamoja: inazuia kiasi fulani kisitoke, na inakutoza pale salio linaposhuka chini ya kiasi hicho.

Kama fedha zimezuiwa, salio linashukaje?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mkulima anasema: "Nimejaribu kutoa yote, ikagoma, ikaacha elfu kumi. Basi elfu kumi yangu ipo salama." Anaondoka kwa wakala akiwa na amani.

Ukweli ni kwamba kizuizi kile kinakuzuia wewe. Hakiizuii benki. Akaunti nyingi zina tozo ya uendeshaji ya kila mwezi, na tozo hiyo hukatwa hata kama ndani imebaki ile ile elfu kumi iliyozuiwa. Mwezi wa kwanza ikikatwa, tayari umeshuka chini ya kiwango bila kugusa chochote. Baada ya hapo, kama benki yako ina tozo ya pili kwa walioshuka chini ya kiwango, nayo inaanza.

Kwa hiyo yaangalie mambo haya mawili kila moja peke yake. La kwanza ni tozo ya mwezi, ambayo hulipwa na mwenye salio kubwa na mwenye salio dogo. La pili ni tozo ya kushuka chini ya kiwango, ambayo ni kama faini na humpata tu yule ambaye salio lake halikutosha. Kuna benki zenye ya kwanza tu, kuna zenye ya pili tu, na kuna zenye zote mbili. Utazijua kwa kusoma karatasi ya tozo, ambayo benki huibandika tawini na kuiweka kwenye tovuti yake.

Mfano: kuanzia mnada hadi mnada

Tuchukue mama mmoja wa Ruangwa. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano, si vya benki yoyote, na kodi imeshajumlishwa. Akaunti yake inataka salio la chini la shilingi 10,000. Tozo ya mwezi ni shilingi 1,500. Salio likiwa chini ya kiwango, inaongezwa shilingi 1,000. Hivyo mwezi wa kawaida ni 1,500, na mwezi wa kushuka ni 2,500.

Mwezi wa Julai amelipwa ufuta wake. Akalipa madeni, akanunua bati, akapeleka ada ya mtoto. Mwisho wa mwezi akaunti imebaki na shilingi 10,000 kamili. Angalia sasa kinachofuata bila yeye kugusa simu:

Mwisho wa Agosti: inakatwa 1,500. Linabaki 8,500. Ameshashuka chini ya kiwango.

Mwisho wa Septemba: inakatwa 2,500. Linabaki 6,000.

Mwisho wa Oktoba: inakatwa 2,500. Linabaki 3,500.

Mwisho wa Novemba: inakatwa 2,500. Linabaki 1,000.

Mwisho wa Desemba: benki inadai 2,500, ndani kuna 1,000. Inachukua ile 1,000, na 1,500 inaandikwa kuwa deni.

Kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni ni miezi sita. Kila mwezi deni linaongezeka 2,500, jumla 15,000. Ukiongeza ile 1,500 ya Desemba, deni limefika 16,500.

Julai inarudi na ufuta unauzwa. Chama cha msingi kinamlipa shilingi 480,000, na karatasi yake ya mauzo inasema hivyo hivyo. Fedha zikigusa tu akaunti, benki inachukua deni lake la 16,500. Zinabaki 463,500. Kati ya hizo, 10,000 zinazuiwa upya kama kiwango cha chini. Anachoweza kutoa ni 453,500, kabla hata ya makato ya kutoa.

Mama anakwenda tawini na karatasi yake mkononi.

"Mwanangu, hapa pameandikwa laki nne na themanini. Mbona simu inaniambia laki nne hamsini na tatu na mia tano?"

"Shikamoo mama. Fedha zako zimeingia zote. Ila akaunti ilikuwa inadaiwa tozo za tangu mwaka jana."

"Marahaba. Nani aliyekopa, mwanangu? Mimi sikukopa."

Ni kweli, hakukopa. Lakini kwa miezi kumi na moja akaunti yake imemgharimu shilingi 26,500: zile 10,000 alizoziacha, na 16,500 zilizokatwa kwenye malipo mapya.

Sasa tulinganishe. Kama Julai ile ya kwanza angeacha shilingi 26,500 badala ya 10,000, salio lisingeshuka chini ya kiwango hata mwezi mmoja. Angelipa tozo ya kawaida tu, 1,500 kwa miezi 11, yaani 16,500, na mwisho wa Juni angekuwa bado na 10,000 yake ndani. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni shilingi 10,000, ambazo ni faini ya miezi kumi. Na kama angekuwa na akaunti isiyo na tozo ya mwezi, asingelipa chochote kwa kipindi hicho. Tutairudia njia hiyo mbele kidogo.

Je, kila benki huandika deni?

Hapana, na hili ni swali la kuuliza kabla hujafungua akaunti. Kuna benki ambazo mashine yao husimama salio likifika sifuri: mwezi usio na fedha unapita, haudaiwi tena. Kuna nyingine huandika deni pembeni na kulichukua fedha zikiingia, kama kwenye mfano wetu. Na kuna akaunti ambazo salio huenda chini ya sifuri waziwazi, ukaona alama ya kutoa mbele ya namba, mfano -16,500.

Swali la kumuuliza ofisa wa benki ni fupi: "Salio likiisha, tozo za miezi inayofuata zinasimama au zinaandikwa deni?" Jibu lake ndilo linalokuambia kama kuitelekeza akaunti kutakugharimu au la.

Benki inapimaje kama umeshuka?

Wapo wanaosema: "Mimi mwezi ule niliweka fedha, kwa nini bado nimetozwa?" Inategemea benki inapima siku gani.

Njia ya kwanza ni kuangalia salio la siku moja, kwa kawaida siku ya kukata tozo mwishoni mwa mwezi. Ukiweka fedha tarehe 27 ukafika kwenye kiwango, umepona, hata kama siku nyingine zote ulikuwa chini.

Njia ya pili ni kuangalia salio la chini kabisa ulilofikia ndani ya mwezi. Hapa ukishuka siku moja tu, tozo ni yako, hata kama kesho yake uliweka laki moja.

Njia ya tatu ni wastani wa mwezi. Benki hujumlisha salio la kila siku na kugawa kwa idadi ya siku. Mfano, mwezi wenye siku 30, siku 20 ulikuwa na shilingi 4,000 na siku 10 ulikuwa na 25,000. Siku 20 mara 4,000 ni 80,000. Siku 10 mara 25,000 ni 250,000. Jumla ni 330,000, ukigawa kwa 30 unapata 11,000. Kiwango kikiwa 10,000, umepona.

Mwezi huo huo kwa njia ya pili ungetozwa, kwa sababu ulishuka hadi 4,000. Kwa hiyo majirani wawili wenye fedha sawa, katika benki mbili tofauti, wanaweza kupata majibu tofauti, na hakuna aliyedanganywa.

Miezi ikizidi: akaunti inalala

Tuendelee na mama yetu, lakini tubadilishe jambo moja. Tuseme msimu uliofuata mvua zilikatika, ufuta haukukomaa, hakuna malipo yaliyoingia. Akaunti imekaa mwaka mzima bila yeye kuweka wala kutoa.

Benki ina muda wake ambao ukipita bila mteja kuitumia akaunti, inahesabiwa kuwa imelala. Kwenye skrini au kwenye karatasi ya taarifa unaweza kuona neno `Dormant` au `Inactive`. Muda huo umeandikwa kwenye masharti uliyosaini, na hautoshani kwa kila benki.

Jambo la kushika hapa ni hili: tozo ambazo benki inakata yenyewe hazihesabiki kuwa wewe umeitumia akaunti. Mtu anaweza kuona taarifa yake ina mstari kila mwezi akadhani akaunti iko hai, kumbe mistari yote ni ya benki. Riba ambayo benki inaiongeza yenyewe nayo haikuamshi. Kinachohesabika ni kitendo cha mteja: kuweka, kutoa, kuhamisha, au kulipia kitu kutoka kwenye akaunti hiyo. Kuangalia salio peke yake usikutegemee, maana hakuna fedha iliyotembea.

Akaunti ikilala, kinachofungwa kwanza ni mlango wa kutokea. Kadi inagoma, wakala anakuambia muamala umekataliwa, na menyu ya simu haikubali. Mlango wa kuingilia unaweza kubaki wazi. Hapo ndipo mkulima anapokwama siku ya malipo: chama cha msingi kimetuma fedha, zimeingia, lakini hawezi kuzitoa mpaka akaunti iamshwe. Wakala hana mamlaka hayo. Ni lazima kufika tawini, na kwa mtu wa Liwale ndani ndani huko hiyo ni nauli na siku nzima.

Tofautisha kulala na kufungwa. Benki nyingine, akaunti ikikaa muda mrefu na salio sifuri, huifunga kabisa. Iliyofungwa haipokei. Malipo yakitumwa yanarudi yalikotoka, na chama au chama kikuu kinalazimika kuomba namba nyingine ya akaunti na kukuingiza kwenye orodha nyingine ya malipo. Wenzako wanalipwa wiki hii, wewe unasubiri. Kwa hiyo ukisikia karani anasema malipo yako "yamerudi", usigombane naye kwanza. Nenda ukaulize benki kama akaunti bado ipo.

Na kama ndani kulikuwa na fedha nyingi? Kulala hakuzipotezi. Zinabaki zako, na za marehemu zinabaki za warithi wake wakifuata taratibu za mirathi. Zikikaa miaka mingi sana bila mwenyewe kujitokeza, sheria za Tanzania zinaitaka benki iziwasilishe Benki Kuu kama mali iliyotelekezwa. Hata hivyo, akaunti ndogo za vijijini nyingi hazifiki huko. Tozo huzimaliza mapema.

Utajuaje mapema?

Dalili ya kwanza iko kwenye simu yako. Ukifungua menyu ya benki na kuangalia salio, skrini nyingine huonyesha namba mbili. Moja imeandikwa `Actual Balance` au `Ledger Balance`, ambayo ni fedha zote zilizomo. Nyingine ni `Available Balance`, ambayo ni unazoweza kutoa. Tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi ndicho kiwango cha chini kilichozuiwa. Ikiwa ya kwanza inapungua kila mwezi na wewe hujatoa kitu, ujue tozo zinaendelea.

Dalili ya pili ni taarifa fupi ya akaunti, ile inayoonyesha miamala michache ya mwisho. Tafuta makato yanayojirudia kwa kiasi kile kile, tarehe zile zile za mwisho wa mwezi. Ukiona makato mawili kwa siku moja, moja kubwa na moja dogo linalofuatana nalo, lile dogo linaweza kuwa kodi. Tanzania Bara, tozo za huduma za benki zina VAT ya asilimia 18. Tozo ya shilingi 1,500 isiyojumlisha kodi hiyo itakukata 1,770. Ndiyo maana kwenye karatasi ya tozo ni vizuri kuangalia kama bei zimeandikwa pamoja na VAT au bila VAT.

Kumbuka pia kwamba kuangalia salio au kuomba taarifa kunaweza kuwa na gharama yake. Kwa akaunti yenye shilingi 3,000, kuangalia salio kila wiki kunaimaliza haraka zaidi. Mara moja baada ya mwezi kuisha inatosha.

Dalili ya tatu ni ukimya. Benki hutuma ujumbe kwenye namba uliyoandikisha. Kama laini ile ilipotea, au uliandika namba ya mwanao aliyehamia Dar es Salaam, taarifa zote zinakwenda huko. Mwaka mzima unapita, wewe ukidhani hakuna lililotokea.

Ufanye nini, na kwa utaratibu gani?

Kama akaunti yako ipo chini ya kiwango sasa hivi, usianze kwa kuweka fedha. Anza kwa kuuliza deni ni kiasi gani. Mtu akiweka 10,000 kwenye akaunti yenye deni la 16,500, fedha yote inamezwa na bado anadaiwa 6,500. Bora kujua namba kamili, ndipo uamue kama unailipa akaunti hiyo au unaifunga.

Ukiwa tawini, unaweza kumwomba ofisa au meneja akupunguzie au akufutie tozo zilizorundikana, hasa kama akaunti ilikuwa haitumiki. Hiyo si haki unayoweza kuidai, ni ombi, na uamuzi ni wa benki. Lakini asiyeomba hapati. Omba kabla malipo ya msimu hayajaingia, kwa sababu mashine ikishakata, kurudisha ni kazi ngumu zaidi.

Kama akaunti imelala, nenda na kitambulisho cha Taifa au namba yako ya NIDA, kadi ya benki kama ipo, na simu yenye laini unayoitumia. Utajaza fomu ya kuamsha akaunti, na ofisa atahakiki sahihi au alama za vidole na picha. Hapo hapo badilisha namba ya simu iliyoandikishwa. Mwisho, weka au toa kiasi kidogo ili akaunti iwe na muamala wako mpya. Usiondoke kabla hujajaribu kutoa hata shilingi elfu tano na ikakubali. Fanya kazi hii kabla ya mnada wa kwanza, siyo siku foleni imefika barabarani.

Kama huitaki tena akaunti, ifunge kwa maandishi. Kutupa kadi hakufungi akaunti. Kuacha kuitumia nako hakuifungi kwa siku ile, na tozo zinaweza kuendelea kuandikwa. Andika barua fupi au jaza fomu ya kufunga, uliza gharama ya kufunga, omba salio lililobaki, na uombe nakala yenye muhuri na tarehe. Kisha mpelekee karani wa chama chako namba mpya ya akaunti, umwone akiiandika kwenye daftari, mkahakikishe tarakimu moja moja. Malipo yakitumwa kwenye namba ya zamani iliyofungwa, yatarudi.

Kama unaitaka akaunti lakini unalipwa mara moja kwa mwaka, uliza kama benki hiyo hiyo ina akaunti isiyo na tozo ya mwezi. Benki nyingi zina akaunti rahisi za namna hiyo, nyingine hufunguliwa hata kwa wakala kwa namba ya NIDA. Zinakuwa na masharti yake, kama ukomo wa kiasi kinachoweza kukaa ndani au kupita kwa siku. Uliza kama ukomo huo unaweza kubeba malipo yako ya msimu. Akaunti isiyo na tozo lakini inayokataa laki nane za ufuta haitakusaidia.

Na kama unabaki na akaunti yenye tozo, piga hesabu ile tuliyoifanya juu: kiwango cha chini, ongeza tozo ya mwezi mara idadi ya miezi hadi msimu ujao. Kiasi hicho ndicho cha kuacha. Halafu katikati ya mwaka, tuseme Desemba au Januari, weka au hamisha hata kiasi kidogo ili akaunti isilale.

Ukiona makato usiyoyaelewa

Anza na benki yenyewe. Omba taarifa ya akaunti ya kuanzia mwezi uliokuwa na salio la mwisho unalolikumbuka, kaa nayo na ofisa, mstari kwa mstari. Kama kuna tozo isiyokuwemo kwenye karatasi ya tozo, au imekatwa mara mbili kwa mwezi mmoja, andika malalamiko na uombe namba ya malalamiko au nakala iliyogongwa muhuri. Maneno ya mdomo dirishani hayaachi alama.

Benki isipokujibu, au jibu lisipokuridhisha, hatua inayofuata ni Benki Kuu ya Tanzania, BoT, yenye utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja dhidi ya benki. Zipo kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, ambazo zinazitaka benki kuweka tozo wazi kwa wateja na kushughulikia malalamiko yao. Kwa sisi wa kusini, BoT ina tawi Mtwara. Utahitaji kuonyesha kwamba ulianza na benki yako, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi.

Lakini tofautisha kosa na sharti. Tozo iliyokatwa kinyume na karatasi ya tozo ni kosa, na unaweza kurudishiwa. Tozo iliyomo kwenye karatasi uliyosaini, hata kama inauma, Benki Kuu haitairudisha kwa sababu tu hukuisoma.

Ukienda tawini wiki hii, maswali ya kubeba ni manne. Kiwango changu cha chini ni shilingi ngapi? Tozo ya mwezi ni ngapi pamoja na VAT, na nikishuka chini inaongezeka kiasi gani? Salio likiisha, tozo zinasimama au zinakuwa deni? Na akaunti inalala baada ya miezi mingapi bila mimi kuitumia? Yaandike majibu nyuma ya kitabu cha chama, pale unapoandika kilo zako za ghalani, ili mnada ukifunguliwa ujue mapema ni kiasi gani kitakachofika mkononi.